Fomula ya XNPV kwa fedha zinazoingia na kutoka katika tarehe zisizolingana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

XNPV inafanya nini ambacho NPV haifanyi?

Fomula hizi mbili za lahajedwali hutafuta thamani halisi ya sasa, yaani huchukua fedha zitakazopatikana au kulipwa siku za usoni, huzipunguza kulingana na muda wa kuzisubiri, kisha huzijumlisha na kutoa jibu moja. Tofauti iko katika namna kila moja inavyouelewa muda. NPV haisomi tarehe hata moja. Huhesabu mistari tu, ikichukulia kwamba kiasi cha kwanza kimepatikana mwishoni mwa kipindi cha kwanza, cha pili mwishoni mwa kipindi cha pili, na kwamba vipindi vyote vina urefu sawa. XNPV hupewa safu mbili, moja ya kiasi na nyingine ya tarehe, na kila kiasi hupunguzwa kwa idadi ya siku zilizopita tangu tarehe ya kwanza, zikigawanywa kwa 365.

Mkopo unaolipwa kila tarehe 31 Desemba unaweza kupimwa kwa NPV bila shida. Mazao, ujenzi unaolipwa kwa awamu, kiwanja kinachouzwa kwa mafungu, au biashara yoyote ambayo mnunuzi hulipa anapopata, havifuati mwendo huo, na hapo ndipo XNPV inapohitajika.

Naomba mfano wenye tarehe na kiasi.

Tuchukue kikundi cha wakulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, kinachofikiria kununua pampu ya kumwagilia pamoja na mabomba yake. Kiasi nilichokiandika ni cha mfano, lakini mpangilio wake ni ule ninaoukuta mara nyingi ninapowasaidia watu kuandaa hesabu: fedha nyingi hutoka siku moja, mauzo huja kwa misimu, na katikati pampu huharibika ikahitaji matengenezo.

```
     A             B
1    Tarehe        Kiasi (TSh)
2    15/03/2024    -12000000
3    20/09/2024      3500000
4    10/02/2025     -1200000
5    05/08/2025      5000000
6    30/01/2026      8500000
```

Fedha zinazotoka huandikwa kwa alama ya kutoa, na zinazoingia huachwa bila alama. Katika seli ya `E1` tunaandika kiwango cha punguzo cha mwaka, ambacho hapa ni `18%`. Fomula yenyewe ni hii:

```
=XNPV(E1, B2:B6, A2:A6)
```

Jibu ni takriban shilingi 379,000. Ukijumlisha safu ya B bila kujali muda utapata ziada ya shilingi 3,800,000, kwa hiyo sehemu kubwa ya ziada hiyo imemezwa na kusubiri. Hata hivyo jibu ni chanya, maana yake kikundi kinachotaka fedha zake zizae angalau asilimia 18 kwa mwaka kitakuwa kimelipata lengo hilo na kubaki na kitu juu yake.

Fomula hii imo katika Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc. Iwapo kompyuta yako inatenganisha sehemu za fomula kwa nukta-mkato, tumia `;` mahali pa `,`. Wasomaji wa Lubumbashi au Bujumbura wenye Excel ya Kifaransa wataikuta kwa jina la `VAN.PAIEMENTS`.

Ingekuwaje kama ningetumia NPV kwa mistari hiyo hiyo?

Ungeandika `=NPV(E1, B3:B6)+B2`, na ungepata hasara ya takriban shilingi 2,468,000. Pampu ni ile ile na fedha ni zile zile, lakini uamuzi umegeuka juu chini.

Sababu ni kwamba NPV imeuchukua kila mstari kuwa mwaka mzima. Mauzo ya Septemba 2024, yaliyokuja siku 189 baada ya kununua pampu, yamepunguzwa kana kwamba yalisubiriwa mwaka mmoja kamili. Mauzo ya Januari 2026, ambayo kwa kweli yako siku 686 mbele, yaani chini ya miaka 2, yamehesabiwa kuwa ya mwaka wa 4. NPV haikutoa alama yoyote ya kosa, kwa kuwa haikuwa na njia ya kujua. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mtu akishaandika tarehe katika jedwali lake, asiiachie NPV hesabu hiyo hata kama tarehe zinaonekana kukaribiana na mwaka.

Kwenye NPV tulifundishwa kuweka gharama ya mwanzo nje ya mabano. Je, na kwenye XNPV tufanye hivyo?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloniumiza zaidi kuliko mengine, kwa sababu huwakuta watu waliosoma vizuri na wanaofuata kanuni waliyofundishwa. Kwa NPV gharama ya mwanzo huwekwa nje kwa sababu fomula hiyo hupunguza hata kiasi cha kwanza kwa kipindi kimoja, ilhali fedha za leo hazistahili kupunguzwa. XNPV haina tabia hiyo. Tarehe ya kwanza katika safu huwa ndiyo siku sifuri, na kiasi kilicho mbele yake hubaki kama kilivyo.

Angalia kinachotokea ukiibeba kanuni ya NPV na kuiingiza huku:

```
=XNPV(E1, B3:B6, A3:A6)+B2
```

Jibu linakuwa takriban shilingi 1,487,000, karibu mara nne ya jibu sahihi. Ulipoutoa mstari wa 2, siku sifuri ilihama kutoka tarehe 15 Machi hadi tarehe 20 Septemba 2024. Mapato yote sasa yanapimwa kwa thamani ya Septemba, kisha unayatoa gharama ya Machi. Ni sawa na kujumlisha vitu viwili vilivyopimwa kwa mizani tofauti. Acha gharama ya mwanzo ndani ya safu, iwe mstari wa kwanza, na usiongeze kitu nje ya mabano.

Je, naweza kupata thamani ya siku nyingine, si siku ya malipo ya kwanza?

Unaweza. Ongeza mstari juu ya yote wenye tarehe unayoitaka na kiasi cha `0`, kisha panua fomula iuhusishe mstari huo. Kikundi chetu kikitaka kujua thamani ya mradi kufikia tarehe 1 Januari 2024, siku 74 kabla ya kununua pampu, jibu linashuka kutoka takriban 379,000 hadi takriban 367,000, kwa kuwa kila kiasi, pamoja na gharama ya pampu, kimesogezwa mbali kwa siku hizo 74. Njia hii inafaa sana unapolinganisha miradi miwili inayoanza siku tofauti: ipe yote miwili siku sifuri moja, ndipo uilinganishe.

Mkopeshaji wetu anataja riba ya mwezi. Niandike kiwango gani?

XNPV inataka kiwango cha mwaka, tena kile ambacho ndani yake riba juu ya riba imekwishahesabiwa. Ukiambiwa asilimia 1.5 kwa mwezi, usizidishe kwa 12 ukaandika asilimia 18. Andika hivi:

```
=(1+1.5%)^12-1
```

Utapata asilimia 19.56. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukiiweka katika mfano wetu, thamani ya mradi inashuka kutoka takriban 379,000 hadi takriban 146,000. Zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imetokana na kuzidisha kwa 12 tu.

Angalia pia namna unavyokiandika kiwango ndani ya seli. `18%` na `0.18` ni kitu kimoja. Ukiandika `18` bila alama ya asilimia katika seli ya kawaida, fomula itaelewa asilimia 1,800, mapato yote ya baadaye yatasagwa hadi kubaki kidogo sana, na jibu lako litakaribia gharama ya pampu yenyewe. Jibu la namna hiyo likitokea, hakikisha kwanza seli ya kiwango kabla ya kugusa kitu kingine.

Fomula inanipa `#VALUE!` na tarehe zote naziona zimeandikwa sawasawa. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tarehe moja au zaidi si tarehe, ni maandishi yanayofanana na tarehe. Ndani ya lahajedwali tarehe ni namba ya siku. Tarehe 15 Machi 2024, kwa mfano, ni 45366 katika Excel, na muonekano wa siku, mwezi na mwaka ni vazi tu lililovikwa namba hiyo. Kompyuta isipoitambua tarehe uliyoiandika, huiacha kuwa maandishi, na XNPV haiwezi kuhesabu siku kutoka kwenye maandishi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunatangulia kuandika siku, kisha mwezi. Kompyuta nyingi hufika mikononi mwetu zikiwa zimewekwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Niliwahi kuletewa faili lililokuwa na tatizo hili hili, na nilikaa nalo jioni nzima kabla ya kuelewa, kwa hiyo nitalieleza polepole kwa kutumia jedwali letu.

Katika kompyuta ya namna hiyo, `15/03/2024`, `20/09/2024` na `30/01/2026` haziwezi kuwa tarehe, kwa sababu hakuna mwezi wa 15, wa 20 wala wa 30. Zote tatu zinabaki maandishi, zinasogea upande wa kushoto wa seli, na fomula inatoa `#VALUE!`. Mtu anaziona, anazirekebisha hizo tatu, kosa linaondoka na namba inatokea. Anaridhika. Lakini `10/02/2025` na `05/08/2025` zilikuwa zimekubaliwa tangu mwanzo, ila kwa maana nyingine: ya kwanza imekuwa tarehe 2 Oktoba 2025, na ya pili tarehe 8 Mei 2025. Matengenezo yamesogezwa mbele karibu miezi minane, mauzo yamerudishwa nyuma karibu miezi mitatu, na jibu linasomeka takriban shilingi 647,000 badala ya 379,000. Hakuna kinachokuonya.

Ili kuligundua, badilisha muonekano wa safu ya tarehe uwe `dd mmm yyyy`, ili mwezi uonekane kwa jina lake. Hapo 8 Mei haiwezi tena kujificha ndani ya 5 Agosti. Ili kujua ipi ni maandishi, andika `=ISNUMBER(A2)` kando ya kila tarehe. Ikijibu `FALSE`, hiyo si tarehe. Na kama faili litapita katika kompyuta za watu kadhaa, andika tarehe kwa fomula isiyotegemea mtindo wa kompyuta yoyote, ambayo hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku:

```
=DATE(2025,8,5)
```

Na `#NUM!` hutokana na nini?

Katika Excel sababu kuu ni mbili. Ya kwanza ni idadi ya kiasi kutolingana na idadi ya tarehe, kwa mfano umeandika `B2:B6` upande mmoja na `A2:A5` upande mwingine. Ya pili ni kuwepo kwa tarehe iliyotangulia ile ya mstari wa kwanza. Tarehe nyingine zote zinaweza kupangwa kwa fujo na jibu lisibadilike, lakini ile ya juu kabisa lazima iwe ya mapema kuliko zote, au ilingane na iliyo ya mapema kuliko zote. Mtu aliyelipa malipo ya awali kabla ya siku ya kununua pampu, kisha akayaandika chini ya jedwali kwa kuwa aliyakumbuka baadaye, atakutana na kosa hili. Dawa yake ni kuupandisha mstari huo juu.

Nitakaguaje kwamba jibu ni sahihi?

Ifungue hesabu ionekane mstari kwa mstari. Katika `C2` weka fomula ya kwanza hapa chini, katika `D2` ya pili, kisha zivute zote mbili hadi mstari wa 6:

```
=(A2-$A$2)/365
=B2/(1+$E$1)^C2
```

Jumla ya safu ya D lazima ilingane na jibu la XNPV. Lakini faida kubwa zaidi ya safu hizi ni kuzisoma. Safu ya C inakuonyesha miaka ya kusubiri kwa kila kiasi: katika mfano wetu ni 0, kisha takriban 0.52, 0.91, 1.39 na 1.88. Ukiona namba inayopanda kisha kushuka ghafla, au mauzo unayoyajua kuwa ya mwaka jana yamekaa kwenye miaka 3, umeshalipata kosa la tarehe bila kutafuta zaidi. Mimi huziacha safu hizi ndani ya faili hata baada ya kumaliza, ili mwenye fedha aweze kufuata hesabu yake mwenyewe, na pale kikundi kinapokutana, katibu aonyeshe kwa kidole shilingi 8,500,000 za Januari 2026 zilivyogeuka kuwa takriban 6,228,000 kwa thamani ya siku ya kununua pampu.

Nimejaribu tarehe zenye mwaka mmoja kamili kati yake, na bado XNPV na NPV zinatofautiana kidogo. Kwa nini?

Kwa sababu XNPV hugawanya kwa 365 daima, hata mwaka ukiwa mrefu. Kati ya tarehe 1 Januari 2024 na 1 Januari 2025 kuna siku 366. Shilingi 1,000,000 zinazosubiriwa muda huo kwa asilimia 18 zina thamani ya takriban 847,458 kwa NPV na 847,074 kwa XNPV. Hiyo ni tofauti ya shilingi 384 katika milioni, na hakuna kilichoharibika.

Niandike tarehe ya mauzo au tarehe ya kupokea fedha?

Tarehe ya kupokea fedha. Mnunuzi aliyepakia magunia ya vitunguu leo kwa ahadi ya kulipa baada ya wiki sita hajakupa kitu unachoweza kukitumia leo, na hesabu hii inapima fedha zilizo mkononi. Vivyo hivyo kwa gharama: andika siku uliyolipa, si siku fundi aliyoleta hati ya madai. Kiasi kimoja kikilipwa kwa mafungu mawili, kipe mistari miwili yenye tarehe zake, wala usitafute tarehe ya katikati.

Tarehe za mbele sizijui kwa uhakika. Je, XNPV bado ina maana?

Ina maana, kwa kuwa inakuwezesha kuuliza ucheleweshaji utakugharimu kiasi gani. Chukua mstari wa mwisho, ambao ndio mzito kuliko yote, na badilisha tarehe yake tu. Ukiisogeza siku 90, kutoka 30 Januari hadi 30 Aprili 2026, thamani ya mradi inashuka kutoka takriban 379,000 hadi takriban 130,000, ingawa hakuna hata shilingi moja iliyopungua katika malipo yenyewe. Endelea kuisogeza kidogo kidogo hadi jibu lifike karibu na sifuri. Kwa mfano wetu utafika hapo baada ya siku 138 hivi, yaani katikati ya Juni 2026.

Tarehe hiyo ndiyo ninayoiandika juu ya karatasi ninapowapelekea kikundi hesabu zao, kwa sababu wanalijua soko la vitunguu na wanawajua wanunuzi wao kuliko mimi. Wakiniambia kwamba fedha za msimu huo zimewahi kuchelewa hadi Julai, basi pampu hii kwa bei hii haitawafikisha kwenye asilimia 18, na mazungumzo yanahamia kwa muuzaji wa pampu: je, atakubali kupokea sehemu ya shilingi 12,000,000 baada ya mavuno ya Septemba? Hilo nalo ni mstari mmoja zaidi katika jedwali, wenye kiasi chake na tarehe yake.